Kukumbusha malipo mara mbili kwa juma moja: wapi ni haki na wapi ni usumbufu

"Mama, nina atelye ya kushona hapa Katuba, Lubumbashi. Nilishonea kampuni moja inayohudumia migodi salopeti 140, kwa dola 18 kila moja. Mzigo niliupeleka tarehe 4 Februari, isipokuwa salopeti 3 ambazo zipu zake ziliharibika. Hizo nilizipeleka tarehe 11. Fakture niliiweka tarehe 5, tukakubaliana siku 30. Tarehe 7 Machi imepita. Jumatatu tarehe 10 nilimwandikia papa wa manunuzi, ambaye tunasali naye parokia moja: 'Jambo papa, tunangoja malipo.' Akajibu: 'Nitaangalia na wahasibu.' Alhamisi nikaandika tena: 'Papa, umenyamaza???' Alisoma, hakujibu. Wifi yangu anasema nimekosa adabu, kwamba mtu mkubwa hakumbushwi mara mbili kwa juma moja. Je, ni kweli? Na mafundi wangu 4 wananidai."

Mwanangu, wifi yako ameona kosa, ila amelitafuta mahali ambapo halipo. Kukumbusha mara mbili katika juma moja si utovu wa adabu, hasa pale siku ya kulipwa mliyoiafiki wenyewe imekwisha kupita. Kilichoharibika ni ujumbe wa pili, nao ungeharibika hata kama ungeutuma baada ya mwezi mzima, kwa kuwa haukumletea yule papa jambo lolote jipya. Ulimletea hasira yako pamoja na alama tatu za kuuliza.

Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza, katika ofisi ya wahasibu wa kampuni moja hapa hapa mjini, kazi yangu ikiwa kupokea fakture za watu kama wewe na kuzifikisha hadi zilipwe. Kwa hiyo nitakueleza kwanza kile kinachotokea baada ya karatasi yako kupita mlangoni, kwa sababu asiyejua safari ya fakture hawezi kujua lini kuuliza kunasaidia na lini kunachosha.

Mtu unayemwandikia WhatsApp ni mtu wa manunuzi. Yeye ndiye aliyekuagiza, aliyebishana nawe bei, na aliyefurahi mzigo ulipofika. Lakini yeye halipi. Fakture yako inatoka kwake, au inatoka moja kwa moja sekretarieti, na kwenda kwa mhasibu. Mhasibu anaiweka kando ya karatasi mbili nyingine: hati ya agizo, ambayo kampuni ilikupa ulipoanza kazi, na hati ya kupokelea mzigo, ambayo mtunza stoo alitia sahihi siku uliyopeleka. Karatasi hizo tatu lazima ziseme idadi moja na bei moja. Zikikubaliana, mhasibu anatia alama yake, faili inapanda kwa mkubwa wa fedha, kisha kwa yule mwenye mamlaka ya kusaini, ndipo jina lako linaingia katika orodha ya malipo inayopelekwa benki. Zisipokubaliana, faili haikataliwi. Inawekwa pembeni tu, katika rundo ambalo kwetu tuliliita "yanayosubiri", na aghalabu hakuna anayekupigia simu kukueleza, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake amekwisha kueleza.

Sasa rudi katika swali lako mwenyewe. Agizo lilikuwa la salopeti 140. Tarehe 4 ulipeleka 137, na bila shaka mtunza stoo alisaini 137, kwa maana yeye huandika anachohesabu. Tarehe 5 uliweka fakture ya 140, yaani dola 2,520, ilhali siku hiyo kampuni ilikuwa imepokea mali ya dola 2,466. Zile 3 ulizipeleka tarehe 11, na sikuoni ukitaja karatasi yoyote uliyosainiwa siku hiyo. Kama uliziacha mlangoni kwa mtu unayemfahamu, ambavyo ndivyo wengi tunavyofanya, basi kwenye faili yako kuna tofauti ya dola 54 ambayo hakuna hati inayoieleza. Kwa dola hizo 54, zile 2,466 nyingine nazo zimekaa. Yule papa huenda hana habari. Aliposema "nitaangalia na wahasibu" alikuwa anasema kweli, kisha akaangalia, akaambiwa "bado", naye hakuwa na neno la kukurudishia.

Ndiyo maana hesabu ya mara ngapi haitufikishi mbali. Mimi hutumia swali jingine kabla ya kugusa simu: je, ujumbe huu unampa mtu huyu kitu cha kufanya ambacho ujumbe wangu uliotangulia haukumpa? Kama jibu ni ndiyo, mara mbili kwa juma si nyingi, na hata mara tatu huweza kuvumilika. Kama jibu ni hapana, hata mara moja kwa mwezi ni kelele. Anayerudi akiwa na karatasi iliyokosekana, na tarehe aliyopewa, au na jina la mtu aliyeelekezwa kwake, huyo anafuatilia kazi yake. Anayerudi na swali lile lile kwa mtu yule yule, huku akijua kwamba tangu juzi hakuna hatua iliyoweza kupigwa, huyo anasumbua, hata akitanguliza salamu ndefu kiasi gani.

Liko pia jambo la siku. Kampuni nyingi hazilipi kila siku. Zina siku yake ya malipo, mara moja kwa juma au mara mbili kwa mwezi. Kwetu ilikuwa Alhamisi, na faili ambayo haikukamilika sahihi kabla ya Jumanne saa sita mchana ilisubiri Alhamisi nyingine. Mtu aliyeniuliza Jumatatu asubuhi alinikuta ninapanga orodha, nikachomoa faili yake na kuitazama. Aliyeniuliza Alhamisi alasiri alinikuta orodha imekwisha kwenda benki, na jibu pekee nililokuwa nalo ni "juma lijalo", jibu ambalo watu huona aibu kulitoa na hivyo hunyamaza. Wa kwanza na wa pili walitumia maneno yale yale, lakini mmoja alisaidiwa na mwingine akanunia simu yake. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa ofisi yoyote, tena kabla hata hujashona kitambaa, liwe hili: malipo yenu hutoka siku gani, na faili inafungwa siku gani? Ukilijua, utaandika mara chache na kila mara itafaa.

Kama anayesaini yuko Kinshasa, ongeza saa moja. Sisi tuko mbele yao kwa saa moja, na ukipiga saa mbili asubuhi ya hapa, huko ni saa moja, mkubwa bado yuko katika msongamano wa magari. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wakihuzunika kwa simu zisizopokelewa kumbe ofisi haijafunguliwa.

Wewe umeumia kwa zile alama mbili za buluu, nami nakuelewa. WhatsApp ikionyesha alama mbili za kijivu, ujumbe umefika kwenye simu yake. Zikigeuka buluu, amefungua mazungumzo. Hazisemi zaidi ya hapo. Hazisemi kwamba amekudharau, wala kwamba ameamua kutokulipa. Mtu hufungua ujumbe akiwa mkutanini au kwenye foleni ya mafuta, akasema moyoni atajibu baadaye, kisha ujumbe wako ukazama chini ya mingine arobaini. Vilevile kuna wanaozima alama hizo kabisa, nawe ukabaki unasoma kijivu kana kwamba ni ukimya. Usijenge hukumu juu ya rangi. Fikiria pia alivyousoma ujumbe wako: "umenyamaza" ni mashtaka, na mtu akishtakiwa hutafuta kwanza utetezi, si faili yako.

Hivi ndivyo ningeandika ile Jumatatu, baada ya salamu fupi: "Papa, fakture yetu ya tarehe 5 Februari, salopeti 140, dola 2,520, ilifikia siku yake ya kulipwa tarehe 7 Machi. Naomba unijulishe kama imefika kwa wahasibu, na kama kuna hati inayokosekana nikuletee." Tazama kilichomo. Kuna tarehe, idadi na kiasi, kwa hiyo hana haja ya kutafuta karatasi yako ili ajue unazungumzia nini; anaweza kuusukuma ujumbe wenyewe kwa mhasibu bila kuongeza neno. Na badala ya kuuliza "nitalipwa lini", swali ambalo yeye hana mamlaka ya kulijibu, umemuuliza mambo mawili anayoweza kuyajua kwa kutembea hadi chumba cha pili. Kama unatoa namba kwenye fakture zako, itaje pia. Kama hutoi, anza na inayofuata.

Na hivi ndivyo ungekuwa ujumbe wa Alhamisi: "Papa, habari za mchana. Nimekagua hati zangu, nimeona ile ya kupokelea mzigo ya tarehe 4 inasema 137, na zile 3 zilizobaki nilizileta tarehe 11 bila kusainiwa karatasi. Nimeandaa hati ya nyongeza kwa hizo 3. Naweza kuileta kesho Ijumaa saa tatu asubuhi. Nimwone nani ili aisaini?" Huu nao ni wa pili katika juma lile lile. Sidhani kuna mtu wa manunuzi ambaye angeuona kuwa ufidhuli, maana umemwondolea tatizo ambalo hata yeye hakuwa amelitambua.

Kumbe bado unaweza kuutuma leo, haujachelewa. Usianze kwa kuomba radhi kwa ule wa Alhamisi kwa maneno marefu, wala usiandike "samahani kwa kukusumbua", kwa kuwa ukijiita msumbufu umemfundisha mwenzako jina la kukuita. Salimia, eleza, uliza nani wa kumwona, basi.

Utaniuliza kama si bora kwenda mwenyewe ofisini, au kupiga simu. Hapa kwetu kumwona mtu uso kwa uso kuna nguvu, sikatai. Tumelelewa kuamini mguu wa mtu kuliko maandishi yake. Lakini pima gharama. Kutoka Katuba hadi kwenye ofisi za kampuni ni nauli na nusu siku ya atelye, na ukifika bila miadi utakaa na walinzi langoni, ukaonekana, ukapokewa kwa huruma, na ukarudi na "kesho mama". Ziara ya namna hiyo ikirudiwa mara tatu huwa ndiyo usumbufu wenyewe, na walinzi wataanza kusema mkubwa hayupo. Nenda pale tu unapokuwa na kitu cha kutiwa sahihi au kupigwa muhuri. Hati ya nyongeza ya salopeti 3 ni sababu kamili: unaingia, inasainiwa, unatoka na nakala yako. Simu nayo ni nzuri kwa kuuliza jambo moja fupi, lakini haiachi alama, kwa hiyo ukiahidiwa kitu kwa simu, andika dakika ile ile: "Asante Papa, nimeelewa kwamba faili itaingia katika orodha ya tarehe 20." Asiposahihisha, umepata tarehe.

Tarehe hiyo ndiyo inayobadilisha kila kitu. Mtu akikupa tarehe, adabu inakutaka unyamaze mpaka ipite, hata kama moyo unawaka. Kumuuliza tarehe 18 juu ya ahadi ya tarehe 20 ni kumwambia humwamini. Ila ikipita, tarehe 21 una haki ya kuuliza, na kama siku mbili baadaye atakuambia "imeondoka benki" nawe huoni kitu kwenye akaunti, una haki ya kuuliza tena kwa kuomba nakala ya hati ya uhamisho. Hapo umeandika mara mbili katika siku tatu, na hakuna aliyekosewa heshima. Asiyekupa tarehe yoyote, mpe siku tano za kazi, au mpaka siku yao moja ya malipo ipite, kisha rudi. Usiwahesabie Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na uwaonee huruma kidogo siku za kufunga mwezi, ambazo wahasibu hawainui vichwa.

Baada ya kukumbusha mara tatu bila jibu, usiandike mara ya nne kwa mtu yule yule. Badilisha mlango. Lakini hapo kuna utaratibu: kwanza mwambie mwenyewe kwamba, ili kumpunguzia mzigo, utawasiliana na wahasibu moja kwa moja, na umwombe jina. Kumrukia mkubwa wake bila kumwambia ni kumvua nguo, na mtu aliyevuliwa nguo na fundi wa kushona hatamwita tena fundi huyo. Baada ya hapo andika barua ya karatasi, nakala mbili, uipeleke sekretarieti. Moja inabaki kwao, nyingine wanaipiga muhuri wa kupokea na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Karatasi moja yenye muhuri ina uzito kuliko jumbe thelathini, na haina sauti ya kulalamika.

Nikuambie pia yale ambayo kwetu tuliyaita usumbufu bila kusita, kwa kuwa nimeyaona. Simu nne mfululizo kwa dakika kumi. Kubipu usiku. Sauti za WhatsApp za dakika tatu zinazoanza na habari za ugonjwa na kuishia na lawama. Kumpigia mke wa mtu. Na lile ambalo siku hizi limeenea: kuweka katika statasi maneno ya mafumbo juu ya "wanaokula jasho la wajane", ukijua kabisa kwamba mtu wa manunuzi ni miongoni mwa watakaoyasoma. Katika miaka yangu yote sikumbuki fundi aliyeachwa na kampuni yetu kwa sababu alikumbusha malipo yaliyopita siku yake. Nakumbuka mmoja aliyeachwa kwa sababu alimpigia mkurugenzi saa nne usiku, tena kwa fakture ambayo ilikuwa bado na siku tisa.

Katika orodha hiyo niweke na parokia yako. Hukusema, lakini nina wasiwasi kwamba Jumapili tarehe 9 ulimgusia baada ya misa. Kama hukufanya, usifanye. Pale nje ya kanisa hana faili mkononi, yuko na watoto wake, na wenzake wanasikiliza. Hawezi kukusaidia, anaweza tu kuaibika. Halafu undugu wa kanisa una hatari ya pili kwa upande wako: unakufanya uone haya kumwandikia waziwazi siku ya kazi, ukijiambia "ni ndugu, atakumbuka". Ofisini ni mtu wa manunuzi, nawe ni mwenye atelye. Sipendi misemo kutumiwa kama dawa ya kila kidonda, lakini "dawa ya deni ni kulipa" haikusema deni la mshirika wa parokia halimo.

Kuna hali moja ambayo uvumilivu wako wote na ustadi wako wote wa kuandika hautaleta hata dola moja, nayo ni pale kampuni yenyewe haina fedha. Kampuni zinazohudumia migodi nazo husubiri kulipwa na migodi. Dalili zake ni kwamba faili yako imekamilika, sahihi zote zipo, watu wanakujibu vizuri tena kwa upole, lakini tarehe zinasogea: 20, kisha 27, kisha "mwisho wa mwezi". Hapo kuuliza "lini" kunachosha pande zote mbili. Uliza jambo jingine: je, mnaweza kunilipa sehemu? Kwako, dola 900 juma hili na zilizobaki kwa tarehe mbili zilizoandikwa zitawatuliza mafundi wako kuliko ahadi ya 2,520 isiyo na siku. Ombi la namna hiyo wakubwa wa fedha hulipokea kuliko unavyofikiri, kwa kuwa dola 900 zinaweza kupenya katika orodha ambamo 2,520 zingeondolewa.

Ombi hilo lina faida nyingine, na hapa niingie kidogo katika sheria. Biashara zetu hapa Kongo ziko chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012. Kwa mauzo ya kibiashara, sheria hizo zinakupa miaka 2 tu ya kudai mahakamani, ikihesabiwa tangu siku ulipoweza kudai. Baada ya hapo mdaiwa anaweza kusema muda umekwisha. Watu wengi wanadhani kwamba kila wanapokumbusha kwa WhatsApp saa inarudi mwanzo. Hairudi. Ukumbusho wako peke yake hausimamishi chochote. Kinachoirudisha saa mwanzo ni mdaiwa kukiri deni, au wewe kufungua madai mahakamani. Kwa hiyo lengo la kufuatilia si kuhesabu mara ulizoandika, ni kupata jibu la maandishi ambamo wao wenyewe wanasema: tunadaiwa kiasi hiki, tutalipa siku fulani. Jibu la kukubali kulipa kwa mafungu, lenye jina na tarehe, lina thamani kuliko "tunashughulikia" kumi.

Wewe bado uko mbali na mahakama. Umechelewa kulipwa kwa siku chache, na sababu inaonekana. Lakini usibaki na simu peke yako ikiwa utaona moja ya haya: kampuni inaanza kubisha kwamba mzigo ulikuwa mbovu, ilhali walisaini kuupokea, unaambiwa upunguze bei ndipo ulipwe, mtu anakudokezea matabishi ili faili "ipande", hundi uliyopewa imerudi, au unasikia wafanyakazi wenyewe hawajalipwa. Hapo chukua karatasi zako zote na uende kumwona avoka uso kwa uso, ukimwambia mapema unadai kiasi gani ili akueleze gharama kabla hajaanza. Atakuandikia kwanza barua rasmi ya kudai yenye siku ya mwisho, na mara nyingi barua hiyo peke yake hutosha. Isipotosha, kuna njia fupi katika sheria ya OHADA, yaani kuomba amri ya kulipa, inayofaa kwa deni ambalo lipo bila shaka, kiasi chake kinajulikana na siku yake imefika. Hapa Lubumbashi ombi hupelekwa mahakama ya biashara. Ndiyo sababu nyingine ya kurekebisha ile tofauti ya salopeti 3: deni lenye hati zinazopingana si deni lisilo na shaka. Kama atelye yako ni mwanachama wa FEC, shirikisho la makampuni ya Kongo, ofisi yao ya hapa mjini nayo inaweza kukuelekeza.

Juu ya mafundi wako 4: usiwaambie "kampuni imenidhulumu", kwa kuwa maneno hayo yatafika kwa yule papa kabla ya hati yako ya nyongeza. Waambie ukweli, kwamba kuna karatasi ilikosekana na unaipeleka Ijumaa, na uwape tarehe ya kurudi kuwaeleza. Wao nao wanakufuatilia, nao wakikuuliza mara mbili juma hili, utajua mwenyewe ni yupi aliyekuja na swali jipya.

Na fedha zikiingia, usinyamaze. Siku hiyo hiyo mwandikie yule papa: "Tumepokea dola 2,520 za fakture ya tarehe 5 Februari, asante kwa kazi uliyoifanya. Kwa agizo lijalo, naomba unijulishe faili zenu hufungwa siku gani." Ujumbe huo nao utakuwa wa mara nyingine katika juma hilo.